Komenti Inayosimamisha Kidole cha Msanii

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa mbele ya mkusanyiko wa mashabiki wa muziki. Walioshindwa kufika waliyaomba, kwa hiyo nayaweka yote hapa, isipokuwa zile picha tulizozitazama ukutani.

Dada zangu, kaka zangu, asanteni kwa kufika. Kazi yangu mnaijua: nasimamia kurasa na chaneli za wanamuziki. Wimbo ukitoka, mimi ndiye ninayekaa na simu nikisoma mnachoandika. Mara nyingine nasoma peke yangu, mara nyingine msanii mwenyewe yuko pembeni yangu. Leo sitazungumzia namna ya kuwa shabiki mzuri, maana hilo kila mtu ana lake. Nitazungumzia jambo moja dogo: mtu anaachia wimbo mpya, wewe umeupenda kweli, unataka kuandika maneno mawili matatu chini yake, na ungefurahi yeye ayaone. Unaandika nini?

Naomba kwanza niwaulize. Nani hapa amewahi kuandika "moto sana"? Nyosheni mikono, msione haya. Nani amewahi kuandika "wa kwanza kufika"? Nani amewahi kuuliza "nani bado anausikiliza mwaka huu"? Naam. Hamjafanya kosa lolote. Komenti hizo zina kazi yake, zinaonyesha kuna watu, na msanii huzifurahia zote kwa pamoja. Lakini hakuna anayeikumbuka hata moja. Zinapita chini ya kidole kama namba ya watazamaji inavyopita.

Sasa njooni upande wa pili wa simu, upande wangu, mwone jinsi zinavyosomwa.

Usiku mmoja nilikuwa nimekaa na mwimbaji mmoja wa kike, wimbo wake umetoka saa chache zilizopita. Anasoma komenti kwa kidole gumba, harakaharaka, midomo inacheza kidogo: mkali, mkali, malkia, moto, mioyo mitano, mkali. Ghafla kidole kikasimama. Akarudi juu, akasoma tena, akanipa simu. Mtu alikuwa ameandika hivi: "Ile pumzi kabla ya ubeti wa tatu mmeiacha. Nimeirudia mara kadhaa. Inasikika kama mtu anayejiandaa kusema kitu asichotaka kukisema."

Hiyo tu. Hakuna sifa hata moja ndani yake. Neno "nzuri" halimo. Yule dada akapiga picha ya skrini palepale, akamtumia aliyefanya miksi, akaandika chini: "Unaona?" Kumbe walikuwa wamebishana siku nzima kuhusu hiyo pumzi. Wanaofanya kazi hii wanajua kwamba katika kusafisha sauti, pumzi za mwimbaji hupunguzwa au kukatwa kabisa, hasa pale vyombo vinapokuwa vimenyamaza, maana zinasikika sana. Fundi alitaka kuikata. Mwimbaji alikataa. Na hapa katokea mtu asiyemjua yeyote kati yao, hakuwepo studio, akaweka kidole palepale walipobishana. Je, mnashangaa kwamba alijibiwa ndani ya dakika mbili?

Hapo ndipo pana siri yote, kama ni siri. Msanii ameusikia wimbo wake mara nyingi kuliko mtu yeyote duniani. Kabla haujatoka ameshaurudia mpaka umemchosha. Ukimwambia ni mzuri, hajui afanye nini na habari hiyo, kwa sababu hawezi tena kuusikia kama wewe. Lakini ndani ya ule wimbo kuna maamuzi. Tunaacha pumzi au tunakata? Ngoma ziingie mwanzo wa kiitikio au zichelewe? Mwisho uzimike taratibu au ukatike ghafla? Kila uamuzi uligharimu muda, mingine iligharimu ugomvi. Na wimbo ukishatoka, anachosubiri kimoyomoyo ni hiki: kuna mtu ameusikia uamuzi wangu? Kuna mtu amefika pale?

Kwa hiyo komenti yenye nafasi ya kuonekana ni ile inayoonyesha umefika pale. Tumalize hapo? La, maana najua mtaniuliza: sisi si wanamuziki, tutajuaje uamuzi ni upi?

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo kazi ilipo. Komenti inaandikwa na masikio kabla ya vidole.

Tuchukue wimbo wa mfano. Nautunga mimi sasa hivi, msiutafute. Una dakika 3 na sekunde 52. Unaanza na gitaa peke yake. Ubeti wa kwanza ni sauti moja, kavu, iko karibu. Kiitikio kinaingia na ngoma na besi, na kinasema "nitakungoja hapa hapa". Ubeti wa pili, kiitikio tena. Halafu ngoma zinanyamaza, gitaa linabaki, na kiitikio cha mwisho kinaanza.

Sikiliza mara ya kwanza bila kufanya chochote. Usishike simu, usiandike. Sikiliza tu, na uangalie ni wapi mwili wako ulifanya kitu: uligeuza shingo, uliacha ulichokuwa unakifanya, ulitabasamu. Pakumbuke hapo. Hapo ndipo pako, na hakuna mwingine wa kukwambia umekosea.

Mara ya pili vaa spika za masikioni, na urudi hapo ulipoguswa. Jiulize swali moja tu: ni nini kilichobadilika? Karibu kila mara kuna kitu kilichoingia, kilichotoka, kilichochelewa au kilichogeuzwa. Sauti ilikuwa moja zikawa mbili, moja sikio la kushoto nyingine la kulia. Ngoma zilikuwepo zikaondoka. Neno lilikuwa hivi likawa vile. Huhitaji kujua jina la kitu hicho. Huhitaji kabisa. Unahitaji kujua kilitokea.

Mara ya tatu tazama saa ya wimbo, uandike dakika na sekunde.

Katika wimbo wetu wa mfano, tuseme umepata vitu vitatu. Kwanza, sekunde ya 12, vidole vya mpiga gitaa vinateleza kwenye nyuzi na kutoa kamlio. Pili, ngoma hazirudi kiitikio cha mwisho kinapoanza, zinarudi mstari mmoja baadaye. Tatu, 2:41, mara hiyo ya mwisho kabisa, haimbi tena "nitakungoja". Anaimba "nilikungoja". Silabi moja imegeuka, na wimbo mzima umehama kutoka mbele kwenda nyuma.

Vitu vitatu. Utaandika vyote? Usiandike vyote! Hilo ndilo shabiki makini hulikosea. Yule asiyesikiliza anaandika "moto", yule anayesikiliza sana anaandika ripoti. Chagua kimoja. Utakichaguaje? Ule mtelezo wa vidole unaweza kuwa bahati mbaya tu ambayo hakuna aliyeijali. Ukiusifia kama ubunifu, msanii atacheka. Kuchelewa kwa ngoma ni uamuzi, hakuna shaka, lakini ni wa wazi, watu wengi watausikia na huenda wameshauandika. Lile neno lililogeuka ni uamuzi usio na ubishi, kwa sababu mtu hawezi kuimba kitu tofauti na alichoimba mara mbili bila kukusudia, halafu akakiacha kipite miksi hadi mwisho. Na limejificha, maana masikio yameshazoea kiitikio, yanasikia kile yanachokitarajia. Chagua hilo.

Ila kabla hujaandika, hakikisha. Rudia hapo ukiwa umepunguza mwendo wa video, kitufe kipo. Kama mashairi yamewekwa kwenye maelezo chini ya video, yasome. Nimewahi kuona mtu ameandika aya nzima ya kusisimua juu ya mstari ambao haumo kwenye wimbo. Alisikia vibaya. Wenzake wakamrukia, ikawa kichekesho cha wiki, na msanii akaamua kunyamaza ili asimwongezee aibu.

Sasa tuandike. Nitawaonyesha hatua.

Rasimu ya kwanza, ile inayokuja yenyewe: "Wimbo mkali sana kaka, umetisha, hii ndiyo ngoma ya mwaka." Mnaijua.

Rasimu ya pili ya mtu aliyeambiwa aandike kwa undani: "Napenda sana mashairi yako, yana hisia ya kweli, na biti imetulia. Ubeti wa pili umenigusa sana. Sauti yako inazidi kukomaa kila siku." Mnaionaje hii? Naona mnatikisa vichwa, wengine mnakubali. Mimi naikataa. Ni ndefu, lakini ichukue uihamishie chini ya wimbo mwingine wa msanii mwingine. Inakaa! Inakaa vizuri kabisa. Mashairi yapo, biti ipo, ubeti wa pili upo kila mahali. Hicho ndicho kipimo changu, na ni kipimo pekee nitakachowapa leo: ihamishe. Komenti inayoweza kuhama bila kulalamika haijasema kitu kuhusu wimbo huu. Iwe ndefu, iwe na maneno matamu, haijasema kitu.

Rasimu ya tatu: "2:41, 'nitakungoja' imekuwa 'nilikungoja', na ngoma bado hazijarudi. Nilikuwa naosha vyombo, nikafunga maji ili nisikie vizuri. Ulianza kuandika mstari upi, huu au ule wa mwanzo?"

Jaribuni kuihamisha hiyo. Haihami. Imepigwa msumari kwenye sekunde yake.

Tuitazame kwa karibu. Ina mahali: 2:41. Ina kilichotokea: neno limegeuka. Ina kilichokupata: ulifunga maji. Angalieni hapo, sikuandika "nililia", sikuandika "niliguswa sana". Kila mtu analia kwenye komenti. Ukisoma mia moja utadhani kuna mafuriko. Kufunga bomba la maji ni jambo dogo, na kwa udogo wake linaaminika. Halafu ina swali. Na swali lenyewe linajibika kwa mstari mmoja, na mtu mwenye jibu ni mmoja tu. Linganisheni na "ulipata wapi msukumo wa wimbo huu?" Hilo ni swali la mahojiano ya redio, jibu lake ni robo saa. Msanii analiona, anachoka, anapita. Lakini "ulianza mstari upi?" anaweza kulijibu akiwa amesimama kwenye foleni.

Swali lina faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Sisi tunaosimamia chaneli za YouTube tunafungua ukurasa wa komenti ndani ya YouTube Studio, na mle mna vichujio. Kimojawapo kinaleta komenti zenye maswali peke yake. Kingine kinaleta zile ambazo chaneli haijazijibu. Nikiwa na komenti nyingi na muda mchache, mimi naanza na hivyo. Kwa hiyo swali lililoandikwa vizuri, na alama yake ya kuuliza, linaweza kunifikia hata kama limezikwa chini.

Basi nipite harakaharaka kwenye mambo ya chombo chenyewe, maana ni madogo lakini yanaangusha watu.

Ukiandika 2:41 kwenye komenti ya YouTube, yenyewe inakuwa kiungo. Anayebonyeza anapelekwa palepale. Ndiyo maana namba hiyo ina nguvu: msanii habishani na wewe, anabonyeza, anasikia. Na wasomaji wengine wanabonyeza, wanasikia, wanakupa kidole cha juu, komenti inapanda. Weka namba na jambo lenyewe kwenye mstari wa kwanza, kwa sababu komenti ndefu hukunjwa, inabaki mistari michache ya juu, na mengine yanafichwa nyuma ya "Soma zaidi". Ukianza na salamu, na jina lako, na tangu lini unamfuatilia, jambo lako limefichwa.

Lakini namba hiyo ina mtego. Kuna kijana mmoja aliandika jambo zuri mno kuhusu besi kwenye 1:20. Tatizo alikuwa ameusikiliza wimbo kwenye toleo la sauti tupu, halafu akaja kukomenti chini ya video. Na ile video ilikuwa na igizo fupi la mwanzo, watu wanazungumza mlangoni, kabla muziki haujaanza. Kwa hiyo 1:20 yake kwenye video iliangukia mahali pengine kabisa, ambapo besi haipo hata kidogo. Watu wakabonyeza, wakaanza kuulizana: besi gani? Msanii naye akabonyeza, akaguna. Angeandika "1:20, pale anaposema maneno fulani", watu wangemwelewa hata kama namba imepotoka. Kwa hiyo weka namba, na uweke mshikizo wa pili: neno linaloimbwa hapo. Na hakikisha namba umeitoa kwenye toleo lilelile unaloandikia.

Jambo la pili: msanii akikuwekea moyo, usirudi kuhariri komenti. Ukiihariri, ule moyo unaondoka. Nimeona watu wakirudi kuongeza "asante kwa moyo jamani!" na moyo ukapotea palepale. Kama unataka kushukuru, jibu chini yake. Na usiweke kiungo cha tovuti wala cha wimbo wako mwenyewe. Komenti yenye kiungo inaweza kuzuiwa isubiri kukaguliwa, wewe unaiona kwako, wengine hawaioni, na unabaki unajiuliza kwa nini dunia imekunyamazia.

La tatu, angalia unaandikia wapi. Wakati mwingine video inapoachiwa huwa kuna onyesho la kwanza, watu wote wanatazama pamoja na pembeni kuna gumzo linalokimbia. Gumzo hilo si sehemu ya komenti. Yanayoandikwa mle yanapita kama mvua. Piga kelele zako mle, furahi na wenzako, lakini lile jambo lako moja liweke chini, kwenye komenti zenyewe. Na ukikuta chaneli yenye jina la msanii likifuatiwa na neno "Topic", jua kwamba video hizo zimetengenezwa na YouTube yenyewe kutokana na sauti zilizotumwa na msambazaji. Usitegemee mtu amekaa nyuma yake anasoma. Tafuta chaneli ya msanii mwenyewe.

Kwenye SoundCloud ni rahisi zaidi, komenti yako inakaa kwenye sekunde ileile ya wimbo, huhitaji hata kuandika namba. Na Bandcamp, ukinunua albamu, unaweza kuandika maneno machache na kuchagua wimbo ulioupenda, yanakaa kwenye ukurasa wa albamu pamoja na picha yako. Wanaoandika hapo ni wachache kuliko YouTube, na msanii anajua kila mmoja wao alitoa pesa. Sisemi zaidi.

Sasa nirudi kwenye jambo lenye nyama. Nimezungumza kana kwamba wimbo una mtu mmoja. Wimbo una watu.

Kulikuwa na wimbo mmoja, wa polepole, na ndani yake kayamba. Kayamba tu, linaanzia ubeti wa pili, liko chini sana, upande wa kulia. Komenti zote zilikuwa za mwimbaji, sura yake, sauti yake, nguo zake za kwenye video. Kisha akaja mama mmoja, nasema mama kwa sababu alijieleza hivyo, akaandika: "Nani anapiga kayamba ubeti wa pili? Anachelewa kidogo kila mara, kama mtu anayetembea na mtoto." Mwimbaji hakuijibu yeye. Alimtumia mpiga kayamba, na mpiga kayamba akaja mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kujibu komenti chini ya wimbo. Akaeleza jinsi alivyofundishwa kuvuta nyuma ya ngoma. Wakazungumza pale chini watu wawili, na wengine wakakusanyika kuwasikiliza. Msanii akaibandika juu komenti ile, ikakaa kichwani mwa nyingine zote.

Mnaona alichofanya yule mama? Aliuliza kuhusu mtu asiyeulizwa. Mara nyingi majina yao yapo, kwenye maelezo chini ya video: prodyuza, mpiga gitaa, waitikiaji, aliyefanya miksi. Fungua usome. Kama jina lipo, mtaje kwa jina. Mwimbaji anapokea sifa elfu; mpiga kayamba hapokei hata moja, kwa hiyo yako ataiona. Na niwaambie ukweli kutoka upande wangu: hakuna komenti inayomfurahisha msanii mwenye akili timamu kama ile inayomsifu mtu wake, kwa sababu anaweza kuipeleka kwa mwenyewe akiwa na mikono miwili.

Yule mama pia hakutumia neno lolote la kitaalamu. Alisema "anachelewa kidogo kila mara". Hilo linatosha, linaeleweka na linapendeza. Wapo wanaokopa maneno ya studio ili waonekane wanajua, wanasifia besi kumbe walichokisikia ni ngoma kubwa, wanasema miksi wakimaanisha biti. Fundi akisoma anajua mara moja. Ukisema "ule mlio mzito wa chini unaogonga kifuani", hakuna atakayekucheka, na kila mtu amekuelewa.

Na tafadhali, msimsifu mtu kwa kumponda mwingine. "Umewafunika wote, fulani akafunge virago." Mnadhani mnamfurahisha? Huyo fulani ni rafiki yake, au wanatafuta kufanya kazi pamoja mwezi ujao. Akikuwekea moyo ameingia vitani. Kwa hiyo hakuwekei, hata kama nusu ya kwanza ya komenti yako ilikuwa dhahabu.

Sasa, je, ukifanya haya yote utaonekana? Hapana, si lazima. Msanii mwenye mamilioni ya wafuasi ana watu kama mimi, na ule moyo unaoupata huenda ni kidole changu, si chake. Nawaambia wazi ili msije mkalala na simu kifuani. Ninachoweza kuwahakikishia ni kwamba mimi nikikutana na komenti kama ya pumzi au ya kayamba, naipiga picha na kumtumia. Zile nyingine sitaweza kumtumia, nimtumie "moto sana" ngapi? Kwa msanii mdogo anayesoma kila kitu mwenyewe, nafasi yako ni kubwa zaidi, na hapo hata saa ya kuandika haina uzito sana. Kwa mkubwa, saa za mwanzo zina uzito, kwa kuwa ndipo anapochungulia mwenyewe. Hata hivyo usiharakishe mpaka ukaandika kabla hujasikiliza mara tatu. Wimbo wa dakika nne, mara tatu, ni dakika 12. Bado uko mapema.

Niliruhusu maswali, na mawili nayaweka hapa.

Kaka mmoja aliuliza: nikiona kasoro, niseme? Nilimjibu, sema, kwa masharti. Wimbo umeshatoka, hauwezi kurudishwa studio kwa ajili yako, kwa hiyo kasoro isiyorekebishika ina faida gani kuitangaza? Lakini kama sauti imekatika sekunde fulani kwenye video na kwenye toleo jingine haijakatika, hiyo ni hitilafu ya upakiaji, andika upesi, taja sekunde na simu unayotumia, maana tutakushukuru kwa dhati. Na kama ni suala la ladha, liseme kama ombi lenye mahali pake: "Ningependa siku moja kuusikia ubeti wa pili na gitaa peke yake, kama ulivyo mwanzo wa wimbo." Hiyo ni lawama iliyovaa nguo safi. Nimeona msanii akiichukua kama ilivyo na kuirekodi.

Dada mmoja wa nyuma akauliza: na kama wimbo una miaka, nimeugundua leo, si nimechelewa? Hujachelewa, dada yangu, na pengine una bahati kuliko wa siku ya kwanza. Komenti zikipangwa kwa mpya kwanza, yako ndiyo ya juu, hata kama wimbo ni wa zamani, na siku hiyo huenda ni yako peke yake. Andika sekunde, andika kilichotokea hapo, uliza jambo moja. Swali ambalo hakuna aliyemuuliza wakati wimbo ulipotoka, bado jibu lake analo.